Nilitaka karatasi zikamilike kwanza ndipo nimwambie mwajiri

Yaya, ndugu yangu mkubwa, alinipigia simu Jumatano saa nne usiku. Nyumbani Lubumbashi ilikuwa saa mbili, kwa sababu Dubai inatangulia kwa saa mbili. Mama alikuwa anafagia uwanja wetu pale Katuba, akaanguka. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu tena, mdomo umeenda upande, na alipojaribu kusema jina langu ilitoka sauti isiyo na maneno. Walikuwa wamemfikisha hospitali na daktari ametamka neno kiharusi. Yaya hakuniambia njoo. Alisema tu, "Mdogo wangu, Mama anatafuta mtu kwa macho, na sisi wote tuko hapa." Nilielewa.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingine wanaofanya kazi Falme za Kiarabu, maana katika siku tisa zilizofuata nilifanya makosa matatu ambayo yangenigharimu kazi. Yote yalitokana na jambo moja: paspoti yangu ilikuwa imeisha muda, nami nikadhani mtu asiye na karatasi za kusafiria hana cha kumwambia mwajiri.

Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi minane kazini, kwenye ghala moja la Jebel Ali, nikifunga mizigo kwa mshahara wa dirham 1,400. Wiki saba kabla ya simu ile nilikuwa nimepeleka maombi ya paspoti mpya ubalozini kwetu, Abu Dhabi. Paspoti zetu zinachapishwa Kinshasa, kwa hiyo unaacha alama za vidole na picha, kisha unasubiri. Mkononi nilibaki na paspoti ya zamani iliyokwisha muda na kadi yangu ya ukaaji, ambayo ilikuwa bado na miezi minne.

Usiku ule sikulala. Hesabu niliyoipiga kichwani ilikuwa hivi: kwanza nipate lesepase, yaani hati ya dharura ya kusafiria, ubalozini, pili ninunue tike, tatu ndipo nimwambie msimamizi. Niliogopa kwamba nikisema mapema nitaulizwa, "Unasafiri lini?" na sina jibu. Niliogopa pia kuhesabiwa kama mtu anayejiandaa kutoroka. Alhamisi nikaingia kazini kama kawaida. Mchana nilimsogelea msimamizi wetu nikamwambia kwa Kiingereza changu kidogo kwamba nyumbani kuna shida, labda nitahitaji kwenda. Alikuwa anahesabu mizigo. Akajibu, "Sawa, tutaona." Mimi nikaichukua ile "sawa" kama ruhusa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. "Labda" na "shida" havimwambii mwajiri kitu. Hakujua ni nani anaumwa, anaumwa nini, wala mimi naomba nini. Na maneno ya mdomo katikati ya ghala hayaachi alama popote. Baadaye, ofisi ilipomuuliza, alisema kweli kabisa kwamba hakumbuki nimemwomba konje, yaani likizo.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Ijumaa asubuhi nilimtumia msimamizi ujumbe kwamba naumwa tumbo, kisha nikapanda metro hadi Ibn Battuta, na pale nikachukua basi la Abu Dhabi kwa dirham 25. Sikukumbuka kwamba tangu Januari 2022 ofisi nyingi za nchi hii hufanya kazi nusu siku Ijumaa, halafu zinafunga Jumamosi na Jumapili. Nilifika getini saa sita na nusu. Mlinzi alinionea huruma lakini mlango ulikuwa umefungwa hadi Jumatatu. Nikarudi Jebel Ali mikono mitupu, na tayari nimesema uongo kwa mtu ambaye kesho yake nitahitaji aniamini.

Huku ugonjwa unathibitishwa kwa cheti cha daktari. Sikuwa nacho, kwa hiyo Ijumaa ile ikaandikwa kuwa sikuja kazini bila ruhusa. Na Jumamosi, nilipoamua kusema ukweli wote, swali la kwanza la dada wa ofisi ya watumishi halikuwa kuhusu Mama. Aliuliza, "Jana uliumwa au hukuumwa?" Nilimwambia ukweli, nikalia mbele yake. Alininyoshea boksi la karatasi laini na kusubiri. Lakini nilikuwa nimeshamfanya apime kila neno langu mara mbili.

Aliyenisukuma niende ofisini ni mkubwa mmoja wa kambini kwetu, mtu wa Likasi mwenye miaka tisa katika nchi hii. Aliniambia kitu ambacho sikuwa nakijua: mwajiri hapa hahesabu kama wewe ni mtoto mzuri, anahesabu siku. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamruhusu kumwachisha mfanyakazi bila notisi kama amekosa kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu halali. Anaweza pia kupeleka taarifa wizara ya kazi kwamba umeacha kazi, na hiyo inakufungia kibali kipya cha kazi kwa mwaka mzima. Ungekuwa kando ya kitanda cha Mama, huku jina lako limeandikwa kama mtoro. Ndiyo sababu taarifa ya maandishi inatangulia karatasi zote, hata ukiwa huna tarehe.

Inafaa pia kujua unachoomba. Mzazi akifariki, sheria inakupa siku tatu zenye malipo. Akiwa anaumwa tu, hata akiwa mahututi, hakuna siku za lazima kwa mfanyakazi kama mimi. Unachobaki nacho ni konje yako ya mwaka, ambayo ni siku thelathini ukishatimiza mwaka, na ni mwajiri anayepanga itatoka lini. Kwa hiyo unaomba aivute mbele. Mimi nilikuwa na siku 22 zimebaki na sikuwa nazijua mpaka niliposomewa. Ulizia idadi hiyo leo, kabla ya simu ya usiku kukufikia.

Jumamosi ile nikaandika barua, na humo nikafanya kosa la tatu. Dada wa ofisi aliniuliza tarehe kwa ajili ya fomu. Nikasema: naondoka Jumanne, narudi baada ya siku kumi na nne. Nilitaka nionekane mtu aliyejipanga. Akakubali, akapiga mhuri. Usiku huohuo nikanunua tike ya kwenda tu ya Jumanne, dirham 1,380, ile ya bei rahisi isiyobadilishwa. Pesa ilitoka kwa watu watano wa chumba chetu.

Jumatatu nilipewa ruhusa ya siku moja nikafika ubalozini mapema. Nilipewa fomu, nikaombwa picha mbili, paspoti ya zamani na nakala yake, nakala ya kadi ya ukaaji, ripoti ya hospitali, na karatasi ya nafasi ya ndege. Nikatoa tike yangu kwa fahari. Baba mmoja wa dirishani aliitazama akatikisa kichwa. "Mwanangu, tuliomba nafasi iliyoshikwa, hatukuomba tike iliyolipiwa. Lesepase yako itatoka Alhamisi." Ofisi ya tike inaweza kukushikia nafasi bila kulipa, au kwa ada ndogo, kwa siku moja au mbili, ikakupa karatasi yenye jina lako na namba ya ndege. Hiyo ilitosha. Tike ya Jumanne ilipotea, nikarudishiwa kodi za uwanja tu. Karibu mshahara wa mwezi.

Nilimwuliza baba yule swali ambalo namshukuru Mungu nililiuliza: "Nikienda na lesepase, nitarudi na nini?" Akaeleza kwa utulivu. Lesepase ni ya kuingia nyumbani tu, safari moja. Haitanirudisha Dubai. Nitahitaji paspoti mpya, na paspoti hiyo, ikitoka Kinshasa, italetwa pale Abu Dhabi ambako niliiomba, wakati mimi niko Katuba. Akanishauri niache prokirasio, yaani barua ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuichukua, yenye sahihi yangu, nakala ya kitambulisho changu na cha huyo mtu. Niliiandika palepale kwa jina la mkubwa wa Likasi. Kama mna maombi ya paspoti yanayosubiri, ulizeni ubalozi wenu kama wanakubali jambo hilo kabla hamjapanda ndege.

Ndani ya basi la kurudi nilikuwa na saa moja na zaidi ya kufikiri. Konje yangu inaanza kesho, na mimi sina cha kusafiria hadi Alhamisi. Kila siku ya kukaa kambini ingeliwa kutoka kwenye zile kumi na nne. Safari hii sikusubiri. Niliandika usiku uleule kwa barua pepe, nikamwekea nakala msimamizi, na mkubwa wa Likasi akanisaidia kupanga. Iliandikwa kwa Kiingereza. Maana yake ilikuwa hii:

"Mama yangu amepata kiharusi tarehe kumi na nne na amelazwa. Ripoti ya daktari nimeiambatisha pamoja na tafsiri fupi. Paspoti yangu imeisha muda. Leo ubalozi umepokea maombi yangu ya hati ya dharura na umesema itatoka Alhamisi. Risiti nimeiambatisha. Kwa hiyo siwezi kuondoka kesho kama nilivyosema. Naomba konje yangu ya siku kumi na nne ianze siku nitakayosafiri, na hadi hapo niendelee na kazi zamu yangu ya kawaida, isipokuwa Alhamisi ambayo naomba bila malipo. Hati ikitoka nitatuma picha yake na ya tike siku hiyohiyo. Sitabadilisha mwajiri wala kufuta visa. Nitarudi kazini. Tarehe ya kurudi inategemea pia paspoti mpya, nami nitawapa habari kila Jumatatu na Alhamisi nikiwa nyumbani."

Angalieni kilichobadilika. Barua ya kwanza ilitoa tarehe ambayo haikuwa mikononi mwangu. Hii ya pili ilisema kilichokwisha fanyika, kinachosubiriwa na kwa nani, na siku ambayo nitaandika tena. Mwajiri aliweza kupanga zamu zake kwa kujua kwamba Jumanne na Jumatano nipo, Alhamisi sipo, na baada ya hapo atapata picha. Dada wa ofisi alijibu asubuhi kwa mstari mmoja: imekubaliwa, konje inaanza siku ya safari. Mstari ule niliupiga picha nikautuma kwa yaya autunze, ikiwa simu yangu itaibwa njiani.

Kuna jambo jingine lililotokea Jumanne. Mtu mwingine wa ofisi, si yule dada, aliniita akanipa karatasi nisaini, akisema ni njia rahisi: wafute visa yangu, wanilipe haki zangu, nami nikimaliza mambo ya familia waniite upya. Alisema kwa upole na sidhani alikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimechoka, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikaomba niisome hadi jioni. Karatasi ile haikuwa ya konje, ilikuwa ya kufuta kazi. Ningesaini, kadi yangu ya ukaaji ingekufa, na "kuitwa upya" kungekuwa neno la mdomo tu. Mtu mwenye konje anatoka na visa yake hai, na ukaaji wa kawaida haupotei ukikaa nje ya nchi chini ya miezi sita, mradi muda wake haujaisha. Nilirudisha karatasi bila sahihi, nikasema kwa heshima kwamba konje yangu imeshakubaliwa kwa maandishi. Hakuna aliyenigombeza.

Mwenzetu mmoja wa chumba cha jirani alikuwa na shida tofauti: paspoti yake imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Sheria ya huku hairuhusu mwajiri kushikilia paspoti ya mfanyakazi. Ikiwa yako iko ofisini, iombe kwenye ujumbe uleule wa kwanza, kwa sentensi moja, usiingoje siku ya safari.

Alhamisi mchana nilishika lesepase yangu, karatasi moja yenye picha yangu na mhuri. Nilinunua tike kupitia Addis Ababa kwa dirham 1,650, nikatuma picha mbili kama nilivyoahidi. Uwanjani Dubai nilifika saa nne kabla, na zilihitajika. Kijana wa kaunta hakuwa ameona karatasi kama ile. Aliitazama mbele na nyuma, akampigia mkubwa wake, wakaniuliza kadi ya ukaaji, paspoti ya zamani na barua ya konje. Dakika arobaini nilisimama pembeni na begi langu. Barua ya konje ndiyo iliyowatuliza. Na msisahau kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, wanaiuliza, na tangu 2016 kadi hiyo ni halali maisha yote hata kama imeandikwa miaka kumi.

Nilifika Ijumaa alasiri. Mama alikuwa kitanda cha dirishani. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akaupindua, akawa anaangalia kiganja, ngozi ngumu ya maboksi. Aliipitisha kidole gumba juu yake, polepole, mara nyingi. Hakuwa na maneno. Siku sita nilimlisha uji kwa kijiko kidogo, nikilala chini kwenye kitenge cha yaya. Niliandika Jumatatu kama nilivyosema: mistari miwili, mgonjwa yuko vile vile, paspoti bado.

Alhamisi alfajiri Mama alituacha.

Kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimeandika ofisini. Watu wa kilio walikuwa wanajaa uwanjani, viti vinashushwa, na yaya alinitazama kwa jicho la kuuliza kama huu ni wakati wa simu. Ulikuwa wakati wake. Siku tatu za msiba zinahesabiwa kuanzia siku ya kifo, kwa hiyo ukikaa kimya mpaka baada ya mazishi, zinakwisha zikiwa zimehesabiwa kama konje yako. Niliandika sentensi tatu: Mama amefariki leo, naomba siku tatu za msiba badala ya siku za konje, cheti cha kifo nitakileta. Walijibu kwa pole na kwa ndiyo. Tulimzika Jumamosi.

Paspoti ilifika Abu Dhabi Jumatatu iliyofuata. Mkubwa wa Likasi alikwenda siku yake ya mapumziko, akaipokea kwa ile prokirasio, akaituma kwa kifurushi cha haraka, dirham 210. Nilipoona haitanifikia kabla konje kuisha, niliomba siku tano bila malipo, nikiambatisha namba ya kufuatilia kifurushi. Niliomba siku nne kabla ya konje kuisha, si siku ileile ya mwisho. Zikakubaliwa. Nilirudi na paspoti mbili mkononi, ya zamani na mpya, kwa sababu ukaaji wangu ulikuwa umeandikishwa kwa namba ya zamani. Kampuni ikabadilisha namba kwenye faili wiki ileile.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye mstari wa ghala. Msimamizi alikuja, akaweka mkono begani kwangu, hakusema kitu, akanipa glavu.

Mwisho wa mwezi nilisoma karatasi ya mshahara mara tatu. Konje, siku kumi na nne. Msiba, siku tatu, zimelipwa. Bila malipo, siku saba: tano za mwisho na mbili za Abu Dhabi. Na chini yake, peke yake kwenye mstari, ile Ijumaa ya tumbo: siku moja, bila ruhusa.